Foleni ya Gawio: Malimbikizo Kwanza, Salio Baadaye

Kwenye orodha ya Soko la Hisa la Nairobi, jina la kampuni ya umeme ya Kenya Power halitokei mara moja tu. Kuna hisa za kawaida, zile ambazo watu huzinunua na kuzizungumzia, zipatazo bilioni 1.95. Kisha, kando kabisa, wamekaa ndugu zao wawili wadogo wasioulizwa na mtu: hisa za upendeleo za asilimia 4 na hisa za upendeleo za asilimia 7. Siku nyingi hupita bila hata moja kuuzwa.

Hesabu yake ni nyepesi. Hisa za asilimia 7 ni 350,000, za asilimia 4 ni 1,800,000, na kila moja ina thamani ya shilingi 20 iliyoandikwa kwenye hati. Asilimia 7 ya shilingi milioni 7 ni 490,000. Asilimia 4 ya milioni 36 ni 1,440,000. Jumla ni shilingi 1,930,000 kwa mwaka. Kwa kampuni inayohesabu mapato yake kwa mabilioni, hizo ni hela za nauli.

Wenye hisa za kawaida wa kampuni hiyo hiyo walipitia kiangazi kirefu. Baada ya gawio la mwaka wa fedha ulioishia Juni 2017 hawakupata kitu hadi mwaka ulioishia Juni 2024, walipotangaziwa senti 70 kwa hisa. Katika miaka yote hiyo ya katikati, hakuna sheria iliyokuwa ikiwawekea kumbukumbu ya walichokosa. Mwaka uliopita bila gawio kwa mwenye hisa ya kawaida umepita, haudaiwi. Lakini wale ndugu wawili wadogo wana neno moja la ziada katika masharti yao: hisa zao ni limbikizi. Kwao, mwaka ukipita bila malipo haufutiki. Unaandikwa, unasubiri, na siku fedha zikipatikana unatangulia mbele ya foleni.

Kwa Kenya Power kiasi chenyewe ni kidogo mno kumwumiza yeyote. Kwenye kampuni ndogo, ambayo hisa za upendeleo ni sehemu kubwa ya mtaji wake, neno hilo moja linaweza kumla mwenye hisa ya kawaida gawio lote la mwaka mzuri, naye akabaki anashangaa faida imekwenda wapi.

Mvutano huu si wa jana. Moja ya kesi zilizouwekea msingi ilitokana na karani mwizi. Miaka ya 1850, kampuni ya reli ya Great Northern ya Uingereza, ile yenye kituo cha King's Cross jijini London, ilimwamini Leopold Redpath kutunza daftari la wanahisa wake. Redpath alikuwa mtu wa kuheshimika, mtoaji sadaka, mwenye nyumba nzuri. Kumbe alikuwa akighushi hisa ndani ya daftari lile lile alilokabidhiwa na kuziuza. Kilichomfichua ni gawio lenyewe: fedha zilizokuwa zikilipwa kwa wanahisa zilizidi kile ambacho mtaji halali ulistahili kupata. Alikamatwa mwishoni mwa 1856, na Januari 1857 akahukumiwa kupelekwa uhamishoni maisha, Australia Magharibi.

Hasara ilikuwa kubwa kiasi cha kumeza fedha za nusu mwaka ambazo zingegawanywa. Wenye hisa za upendeleo wakakosa chao. Swali likafika mahakamani mwaka huo huo wa 1857: je, nusu mwaka ile imekufa, au kampuni ikipata faida tena itabidi iwalipe kwanza walichokosa? Mahakama ilikubaliana na wenye hisa za upendeleo. Walichoahidiwa kilikuwa kiwango maalumu kabla ya wengine kupata, na faida za mbele zingepaswa kuziba pengo la nyuma kabla mwenye hisa ya kawaida hajagusa chochote. Tangu hapo, katika nchi zinazofuata mkondo wa sheria za Uingereza, hisa ya upendeleo huchukuliwa kuwa limbikizi isipokuwa masharti yake yaseme vinginevyo.

Tuingie sasa jikoni. Tuseme kuna kampuni ya kubangua korosho Mtwara. Ni ya mfano tu, kwa hiyo haina haja ya jina. Ina hisa za upendeleo limbikizi 200,000, kila moja ya shilingi 1,000, kwa asilimia 8. Ina pia hisa za kawaida 1,000,000. Kila mwaka, wenye upendeleo wanastahili asilimia 8 ya shilingi milioni 200, yaani milioni 16. Si asilimia 8 ya faida, wala si asilimia 8 ya bei ya sokoni. Ni ya ile thamani iliyoandikwa kwenye hati, iwe mvua iwe jua.

Mwaka 2021 walilipwa zote. Mwaka 2022 korosho ziliharibika ghalani na bodi haikutangaza gawio. Milioni 16 zikaingia kwenye malimbikizo. Mwaka 2023 bodi ilijikongoja ikatoa milioni 6, hivyo zikabaki milioni 10 za mwaka huo, na malimbikizo yakafika milioni 26. Mwaka 2024 hakikutoka kitu. Ongeza 16 nyingine: milioni 42.

Ikaja 2025. Bei ilikuwa nzuri, mashine mpya zilifanya kazi, na wakurugenzi wakatenga shilingi milioni 70 za kugawa. Habari zikaenea kabla ya mkutano mkuu. Mzee mmoja mwenye hisa 400 za kawaida akapiga hesabu yake njiani: milioni 70 kwa hisa milioni moja ni shilingi 70 kwa hisa, mara 400, shilingi 28,000. Akafika mkutanoni ameshazipangia kazi.

Karatasi aliyokabidhiwa mlangoni ilisema shilingi 12 kwa hisa.

“Binti yangu,” akamwambia mhasibu mezani, “hapa pameanguka namba.”

“Shikamoo, mzee. Haijaanguka,” akajibu yule binti, akageuza karatasi na kuandika kwa kalamu. Kwanza malimbikizo ya miaka mitatu, milioni 42. Zinabaki 28. Kisha gawio la upendeleo la mwaka huu wenyewe, milioni 16. Zinabaki 12. Hizo ndizo za wenye hisa za kawaida, na wao wako milioni moja.

Mzee akaitazama karatasi kwa muda. Shilingi 12 mara 400 ni 4,800. Jirani yake, ambaye alikuwa na hisa 400 za upendeleo, alikuwa anaondoka na shilingi 290 kwa hisa: 210 za miaka iliyopita na 80 za mwaka huu. Yaani shilingi 116,000. Tofauti hiyo inauma, lakini tukumbuke kwamba jirani huyo alikaa miaka mitatu na shilingi 30 tu mkononi kwa kila hisa, na mfumuko wa bei haukumsubiri.

Hapo ndipo watu wengi hudhani mwenye hisa ya upendeleo amependelewa kupita kiasi. Kwa kweli ana dari juu ya kichwa chake. Malimbikizo hayazai riba, isipokuwa masharti yamesema hivyo, na ni nadra kusema. Shilingi 80 za mwaka 2022 zinalipwa mwaka 2025 zikiwa shilingi 80 zile zile. Na kama bodi ingetenga milioni 170 badala ya 70, yeye angebaki na 290 zake, na milioni 100 zote za ziada zingeangukia hisa za kawaida: shilingi 112 kwa kila moja badala ya 12. Ziko hisa za upendeleo zenye haki ya kushiriki pia katika salio, lakini haki hiyo lazima iandikwe wazi, haidhaniwi.

Upande wa pili, kama bodi ingetenga milioni 50 tu, zote 50 zingekwenda kwa wenye upendeleo. Malimbikizo 42 yangeisha, milioni 8 zingelipia nusu ya gawio la mwaka huu, na milioni 8 nyingine zingeanza limbikizo jipya. Mzee angerudi nyumbani mikono mitupu katika mwaka ambao magazeti yanaandika kampuni imefufuka.

Makosa katika hesabu hii ni yale yale, kwenye madaftari ya wanafunzi wa uhasibu na hata kwenye karatasi za vikao. Kuna anayesahau zile milioni 6 zilizolipwa nusu nusu mwaka 2023 na kuandika malimbikizo ni 48, mara tatu ya 16. Kuna anayehesabu mwaka wa sasa mara mbili, ndani ya malimbikizo na tena peke yake. Njia rahisi ya kujikagua ni kuchukua hisa moja ya upendeleo na kuifuata tangu mara ya mwisho ilipolipwa kikamilifu. Hapa ni miaka minne, 2022 hadi 2025, kwa shilingi 80: jumla 320. Imeshapokea 30. Inastahili 290. Namba hiyo isipooana na ya kwenye karatasi, kuna mtu amekosea.

Kosa kubwa kuliko yote si la kujumlisha. Ni kudhani malimbikizo ni deni kama deni la benki. Siyo. Gawio, hata la upendeleo, huwa deni pale tu linapotangazwa. Kabla ya hapo mwenye hisa hawezi kwenda mahakamani kudai milioni 42 zake, hata kama kampuni ina fedha. Anachokuwa nacho ni kizuizi: hakuna mwenye hisa ya kawaida atakayelipwa shilingi moja kabla yake. Bodi ambayo haijali kuwalipa wenye hisa za kawaida inaweza kukaa miaka na miaka bila kumlipa yeyote, na sheria haitaisukuma.

Ndiyo maana masharti mengi ya hisa hizi huongeza fimbo. Mfano mzuri ni wa Marekani baada ya msukosuko wa fedha wa 2008, serikali ilipoingiza fedha kwenye mabenki kwa kununua hisa za upendeleo. Kiwango kilikuwa asilimia 5 kwa miaka mitano ya kwanza, kisha asilimia 9. Kwa kampuni mama za mabenki hisa hizo zilikuwa limbikizi. Benki iliyokosa kulipa robo mwaka sita, hata zisizofuatana, iliipa serikali haki ya kuchagua wakurugenzi wawili katika bodi yake. Na muda wote malimbikizo yakiwepo, wenye hisa za kawaida hawakuruhusiwa kulipwa gawio. Mkurugenzi anayeweza kuvumilia kelele za wanahisa huwa havumilii kirahisi mgeni aliyekaa kwenye kiti cha pembeni yake.

Na pasipokuwa na neno “limbikizi”? Reli nyingine inajibu, safari hii ya Marekani. Kampuni ya reli ya Wabash ilikuwa na hisa za upendeleo za asilimia 5 ambazo masharti yake yalisema wazi kwamba gawio halilimbikizwi. Kati ya 1915 na 1926 kampuni ilipata faida, lakini dola zipatazo milioni 16 ambazo zingeweza kuwalipa ziliwekwa kwenye kukarabati na kupanua mali ya reli. Kampuni ilipostawi na kutaka kuwalipa wa madaraja ya chini, wenye upendeleo walidai kwanza miaka yao iliyoliwa na mataruma. Mwaka 1930 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani iliwakatalia. Faida ilikuwepo, ndiyo, lakini bodi iliamua kwa nia njema kuitumia kwingine, na mwaka uliopita bila tangazo ulikwenda na haki yake. Reli mbili, bara mbili, na tofauti yote imekaa kwenye neno moja la mkataba.

Mwanahisa wa kawaida wa Dar es Salaam au Kampala atajuaje kama kuna malimbikizo mbele yake? Asitafute kwenye mizania, kwa sababu kitu ambacho hakijatangazwa kwa kawaida hakiingizwi humo kama deni. Aende nyuma, kwenye maelezo ya hesabu, kule kwenye herufi ndogo ambako wengi huishia kufunga kitabu. Viwango vya kimataifa vya utoaji wa taarifa za fedha, ambavyo nchi zetu zinavifuata, vinaitaka kampuni itaje hapo kiasi cha gawio la upendeleo limbikizi ambacho hakijaingizwa kwenye hesabu. Sentensi yenyewe mara nyingi ni fupi na haina haya: malimbikizo ya gawio la hisa za upendeleo ni kiasi fulani. Wakati mwingine hisa hizo hazimo hata kwenye kundi la mtaji. Zikiwa na masharti yanayofanana na mkopo huwekwa upande wa mikopo, na gawio lake huonekana kama gharama ya fedha, sawa na riba.

Kuna namba nyingine inayowapoteza watu: faida kwa kila hisa. Tuseme kampuni yetu ya korosho ilipata milioni 90 baada ya kodi mwaka 2025. Kupata faida ya kila hisa ya kawaida, mhasibu hutoa gawio la upendeleo la mwaka huo peke yake, milioni 16, kisha hugawa zinazobaki kwa hisa milioni moja: shilingi 74. Zile 42 za nyuma hazitolewi hapo, kwa kuwa zilishatolewa kila moja katika mwaka wake, hata ingawa hazikulipwa. Basi taarifa ya mwaka inasema shilingi 74, na mfuko wa mzee unasema 12, na zote mbili ni kweli.

Jambo jingine linafaa kujulikana na anayenunua. Gawio hulipwa kwa yule ambaye jina lake limo kwenye daftari la wanahisa siku ya kufunga daftari, si kwa aliyevumilia ukame. Anayenunua hisa ya upendeleo yenye malimbikizo wiki moja kabla ya siku hiyo ananunua pamoja na shilingi 210 za nyuma. Muuzaji mwerevu ameshaziweka kwenye bei. Muuzaji aliyechoka kusubiri amezitupa.

Malimbikizo yakiwa makubwa sana, bodi huona aibu kuyapitia mwaka baada ya mwaka na huja na pendekezo: tuyafute, tuwape hisa mpya za kawaida badala yake. Hilo haliamuliwi na bodi peke yake. Wenye hisa za upendeleo hupiga kura kama kundi, na kwa kawaida huhitajika robo tatu ya kura zao. Wenye hisa za kawaida, ambao hushangilia pendekezo hili kwa sababu linafungua foleni, wanapaswa kuchukua kalamu kabla ya kupiga makofi.

Turudi Mtwara. Tuseme mapema mwaka 2025 bodi ingebadilisha milioni 42 kwa hisa mpya za kawaida, kwa bei ya shilingi 300 kila moja. Hizo ni hisa 140,000. Katika zile milioni 70, zinatolewa 16 za mwaka huo tu, na milioni 54 zinagawanywa kwa hisa 1,140,000. Mzee angepata shilingi 47 na senti 37 kwa hisa badala ya 12, na angerudi nyumbani na karibu shilingi 19,000 badala ya 4,800.

Lakini hisa mpya haziondoki. Kama bodi ingelipa malimbikizo kwa fedha mwaka 2025, kisha ikatenga tena milioni 70 mwaka 2026, zingetoka 16 na milioni 54 zingegawanywa kwa hisa milioni moja tu: shilingi 54. Kwa njia ya mabadilishano, mwaka huo ni 47.37 tena, na mwaka unaofuata vilevile. Mzee anapata shilingi 35.37 zaidi mara moja, kisha anapoteza shilingi 6.63 kila mwaka kwa kila hisa. Milioni 70 zikiendelea kutoka kila mwaka, faida yake ya 2025 itakuwa imeliwa yote ifikapo gawio la 2031.